Kufunga ukanda wa sumaku na reli ya kulabu kwenye ukuta wa marumaru bila kupasua marumaru

Jikoni nyingi za Moshi na Arusha zina kaunta fupi, na sehemu kubwa ya kaunta hiyo imeliwa na vitu ambavyo vingeweza kukaa ukutani: kopo la miiko, kibanio cha visu, upawa, chujio, kikaangio ambacho hakina kabati. Ukanda wa sumaku wa sentimita 45 unabeba visu vitano au sita. Reli ya sentimita 80 yenye kulabu inabeba karibu kila kinachotumika kila siku. Vyote viwili havichukui hata sentimita moja ya kaunta. Kinachowazuia watu ni ukuta wenyewe, kwa sababu ukuta wa nyuma ya kaunta kwa kawaida una marumaru, au tailizi kama mafundi wanavyoziita, na kila mtu anamjua mtu aliyepasua moja.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja, kuanzia kugonga ukuta kwa kidole hadi kutundika kisu cha kwanza. Mfano nitakaoufuata ni jikoni kwa mama mmoja wa Rau, Moshi. Kaunta yake ina sentimita 180 kati ya sinki na jiko la gesi, marumaru zake ni za sentimita 25 kwa 40 zilizosimamishwa wima, na juu ya kaunta hiyo hakuna kabati.

Jambo la kushika kabla ya kununua chochote

Marumaru ni ngumu lakini haina uwezo wa kuvumilia kutanuliwa. Ukiibana kutoka mbele inastahimili. Ukiisukuma kutoka ndani ya tundu kuelekea pembeni, inapasuka. Na hiyo ndiyo kazi ya fisha, ile plagi ya plastiki inayoingia ukutani: skrubu ikiingia ndani yake, inatanuka na kubana pande zote. Fisha iliyokaa ndani ya unene wa marumaru inaitanua marumaru. Pengine haitapasuka siku hiyo. Itapasuka wiki mbili baadaye, ufa mwembamba kama unywele kutoka kwenye tundu hadi ukingoni, na mwenye nyumba atadhani ni uzito wa visu.

Visu vitano vya kawaida vya jikoni havifikishi kilo moja na nusu. Uzito huo si kitu kwa ukuta wa tofali. Kwa hiyo kazi yote inajengwa juu ya kanuni moja: fisha ikae kwenye tofali, na marumaru iwe njia ya kupitia tu. Skrubu isiiguse, fisha isiiguse. Hatua nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kanuni hiyo.

Gonga ukuta kwanza

Chukua sarafu au mpini wa bisibisi na ugonge marumaru zote za eneo unalotaka, polepole, kila moja kwenye pembe zake nne na katikati. Iliyoshikwa vizuri inatoa mlio mfupi na mzito. Iliyo na uwazi nyuma inalia tupu, kama debe. Kule Rau, marumaru mbili kati ya zile zilizokuwa kwenye mpango zililia hivyo.

“Mama, hii inalia tupu,” fundi alisema.

“Kwani fundi, si zote zimebandikwa?”

“Zimebandikwa mama, ila kwa madonge. Donge kila kona na moja katikati. Kati ya madonge hakuna kitu.”

Ubandikaji wa madonge ni wa kawaida sana, hasa pale fundi alipotumia saruji ya kuchanganya badala ya gundi ya marumaru kusawazisha lipu isiyonyooka. Marumaru kama hiyo ukiitoboa mahali penye uwazi, biti inaisukuma bila kuwa na kitu nyuma yake, na skrubu ikikazwa inaivuta iingie kwenye uwazi. Inapasuka katika hatua mojawapo kati ya hizo mbili. Weka alama kwa kalamu kwenye sehemu zinazolia tupu na upange matundu yako mbali nazo. Marumaru ikilia tupu yote nzima, usiitoboe kabisa, na usiibandike kitu kizito pia, kwa sababu yenyewe haijashikwa sawasawa.

Mahali pa nyaya na mabomba

Umeme wa 230 V hausamehe, na biti ya milimita 6 inapita kwenye bomba la plastiki la nyaya bila wewe kuhisi tofauti kubwa. Katika nyumba zetu nyaya hushuka wima kutoka darini hadi kwenye soketi au swichi, ingawa mara nyingine fundi huziunganisha soketi mbili kwa mstari wa kulala. Kwa hiyo usitoboe moja kwa moja juu wala chini ya soketi, wala kati ya soketi mbili zilizo kwenye kimo kimoja. Acha sentimita 15 kila upande. Bomba la maji la sinki nalo mara nyingi hupanda au kushuka wima usawa wa koki, kwa hiyo utaratibu ni ule ule. Siku ya kutoboa, zima swichi kuu, halafu jaribu taa ya jikoni kuhakikisha. Ukizima kuu huwezi kutumia drili ya waya, ndiyo maana kwa kazi hii drili ya betri ni bora hata ikiwa ya kuazima. Kama ya betri haipatikani, zima saketi ya jikoni peke yake na uchukue umeme wa drili kutoka chumba kingine kwa waya wa kuongezea.

Ujue aina ya marumaru yako, ndipo ununue biti

Za ukutani kwa kawaida ni za seramiki: uso una glezi ngumu inayong'aa, lakini mwili wake ni laini, wa rangi ya udongo mwekundu au maziwa. Za poseleni ni ngumu mwili mzima. Tofauti hii inaamua kama kazi itachukua dakika moja kwa tundu au itakugharimu biti tatu.

Njia rahisi ya kujua ni kutazama ukingo uliokatwa. Umeme ukiwa umezimwa, legeza skrubu mbili za kifuniko cha soketi ya ukuta huo na uchungulie ukingo wa marumaru, mahali fundi alipokata nafasi ya boksi. Ukiweza, gusa ukingo huo kwa kidole chenye maji. Seramiki inanyonya maji ndani ya sekunde chache na kubadilika rangi. Poseleni haiyanyonyi. Kama mwenye nyumba amebakiza kipande stoo, ni rahisi zaidi, jaribu upande wake wa nyuma.

Kwa seramiki nunua biti yenye ncha ya mkuki, ile bapa yenye kichwa cha kabaidi. Kwa poseleni nunua biti ya almasi, ambayo haina ncha; mbele yake ni duara tupu lenye chembechembe za almasi, na inafanya kazi kwa kusaga. Biti ya mkuki juu ya poseleni itang'aa, itapiga kelele na kufa. Kwa ukuta ulio nyuma unahitaji biti ya kawaida ya zege.

Kuhusu ukubwa: biti ya marumaru iwe ya milimita 8, na ya zege iwe ya milimita 6, kwa fisha ya milimita 6. Wauzaji wengi watakuambia uchukue zote za 6. Usikubali. Biti ya zege ya 6 ikipita kwenye tundu la 8 haigusi marumaru, kwa hiyo mtikisiko wake unabaki kwenye tofali. Ukitumia ukubwa mmoja, kila pigo la drili linagonga ukingo wa tundu ambao tayari ni dhaifu. Tundu la 8 halitaonekana, litafunikwa na kitako cha reli, kile kishikizo kinachoifunga reli ukutani, au na ukanda wenyewe.

Urefu wa skrubu

Hapa ndipo vifaa vinavyokuja ndani ya boksi la ukanda vinapoangusha watu. Boksi lina fisha za urefu wa milimita 25 au 30 na skrubu za kulingana nazo, ambazo zimekusudiwa ukuta usio na marumaru. Ukuta wa Rau ulikuwa hivi: marumaru milimita 8, gundi yake milimita 6, lipu milimita 15. Jumla 29 kabla ya kulifikia tofali. Fisha ya milimita 30 ingekaa karibu yote kwenye marumaru, gundi na lipu, yaani ingeingia kwenye tofali milimita moja tu.

Tulichukua fisha za milimita 6 kwa 50. Ikisukumwa ndani hadi kichwa chake kiwe milimita 10 chini ya uso wa marumaru, inaipita marumaru kabisa na kuishia milimita 60 kutoka usoni. Ukitoa zile 29, milimita 31 ziko ndani ya tofali. Skrubu lazima ifike mwisho wa fisha na kuupita kidogo ili itanue hadi nchani: 60, jumlisha milimita 5 za kupita, jumlisha milimita 2 za unene wa kitako cha reli, unapata 67. Skrubu ya milimita 70, unene milimita 4 hadi 4.5, ndiyo iliyonunuliwa. Tundu lilitobolewa hadi milimita 75 ili vumbi lililobaki lisiizuie.

Wewe hutajua unene wa lipu yako mpaka utoboe tundu la kwanza, na vumbi litakuambia. Unga wa marumaru ni mweupe au mwekundu na laini sana. Ukifuatiwa na unga wa kijivu laini, uko kwenye gundi na lipu. Unga ukigeuka kuwa na chembe za mchanga mkubwa na drili ikabadilisha sauti, umefika kwenye tofali. Simama hapo, pima kina kwa msumari, na ufanye hesabu yako. Nunua skrubu baada ya tundu hilo la kwanza kama duka liko karibu. Jikoni na maji havitengani, kwa hiyo chukua za chuma kisichoshika kutu. Zilizopakwa zinki tu zitaanza kutoa machozi ya kahawia kwenye grauti, ule ujazo wa mistari kati ya marumaru.

Kupanga matundu juu ya gridi ya marumaru

Tundu likae angalau sentimita 3 kutoka ukingo wowote wa marumaru. Watu wengi wanapenda kutoboa kwenye mstari wa grauti wakiamini ni salama zaidi. Ingekuwa kweli kama mstari ungekuwa mpana kuliko biti. Mstari wa milimita 2 ukipitishwa biti ya 8, unatafuna kingo za marumaru mbili kwa pamoja, na ukingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Chora gridi kwenye karatasi. Kule Rau, tukihesabu kutoka ukingo wa sinki, marumaru ya kwanza ilianzia 0 hadi 25, kisha grauti ya milimita 2, ya pili 25.2 hadi 50.2, ya tatu 50.4 hadi 75.4, ya nne 75.6 hadi 100.6, ya tano 100.8 hadi 125.8, ya sita 126 hadi 151. Ukanda wa sentimita 45 ulikuwa na matundu mawili yaliyoachana kwa sentimita 38, kila moja sentimita 3.5 kutoka mwisho wake.

Mama alitaka ukanda uanzie sentimita 10 kutoka kwenye sinki. Matundu yangeangukia 13.5 na 51.5, na hilo la pili ni sentimita 1.1 tu kutoka ukingo wa marumaru ya tatu. Tulisogeza ukanda mzima sentimita 5. Matundu yakawa 18.5, ambalo lina sentimita 6.5 hadi ukingo, na 56.5, ambalo lina 6.1. Sentimita 5 ambazo jicho halizioni ziliokoa marumaru. Hizo 15 za kutoka kwenye sinki zilisaidia pia visu visirushiwe maji.

Ukanda ukaishia kwenye 60. Tukaacha sentimita 15 ili mkono unaochukua upawa usipite karibu na makali, kisha reli ikaanzia 75 hadi 155, ikabaki sentimita 25 hadi jiko la gesi. Usiisogeze karibu zaidi ya hapo. Mvuke wa mafuta utapaka kila kitu kilichotundikwa, na mikono ya plastiki itayeyuka kidogo kidogo. Kuhusu ukanda, sumaku nyingi za neodimiamu za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipata joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi, kwa hiyo nyuma ya jiko si mahali pake kabisa.

Vitako vya reli huteleza juu ya bomba lake kabla ya kukazwa, na hiyo ni faida kubwa. Mpango wa kwanza ulikuwa 85 na 145. Lakini kulikuwa na soketi katikati ya 100, na 85 ni sentimita 15 kamili kutoka hapo, mpakani penyewe. Kitako kikasogezwa hadi 83. Bado kiko katikati ya marumaru ya nne, na reli haikulalamika. Sehemu ya reli iliyo mbele ya soketi tuliiacha bila kulabu, ili chujio lililooshwa lisidondoshee maji pale.

Kwa kimo, mstari wa kulala wa grauti ulikuwa sentimita 40 juu ya kaunta. Ukanda ukawekwa 45 na reli 66. Kisu chenye ubao wa sentimita 20 na mpini wa 12, kikishikwa katikati ya ubao na mpini ukitazama chini, kinaishia sentimita 23 juu ya kaunta, nafasi ya kutosha ya kukatia vitunguu chini yake. Nyumba yenye mtoto anayepanda viti, pandisha ukanda hadi mtu mzima ndiye anayefikia kwa kunyoosha mkono, au geuza mipini juu. Kama hata hapo una wasiwasi, visu vikae kwenye kabati linalofungwa, na ukuta upate reli peke yake.

Kutoboa

Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, mahali pa tundu na uchore alama ya msalaba juu yake. Tepu inazuia biti kuteleza juu ya glezi. Chini ya alama bandika bahasha iliyofunguliwa au mfuko wa plastiki kupokea vumbi na maji.

Angalia drili yako: swichi ya kuchagua iwe kwenye alama ya biti, wala si ya nyundo. Narudia kwa sababu hili ndilo linalopasua marumaru nyingi kuliko yote mengine: usitumie kugonga hadi marumaru iwe imepitwa kabisa.

Kwa biti ya mkuki, anza polepole sana, shinikizo dogo, drili ikiwa imenyooka kuelekea ukutani. Ikishavunja glezi utahisi inashika, ongeza mwendo kidogo, lakini usiegemee. Kila sekunde kumi toa biti na uipulizie maji kwa chupa ya dawa ya nywele au uiguse kwa sponji. Kwa biti ya almasi huwezi kuanza ukiwa umenyoosha, itaruka. Inamisha kama nyuzi 45, saga hadi mwezi mwembamba uonekane kwenye glezi, kisha inyooshe taratibu huku inazunguka. Hii inataka maji muda wote: mtu mmoja anatoboa, wa pili anapuliza. Maji yanayotoka yakiwa meupe kama maziwa, inakata. Yakikauka na ukaona moshi au unga wa kahawia, unaiunguza, simama. Maji yapulizwe kwenye ncha ya biti tu, yasiingie kwenye drili.

Karibu na mwisho wa unene, legeza mkono. Biti inayotoka upande wa pili kwa kishindo ndiyo inayomega kipande cha nyuma. Ukishafika kwenye gundi, badilisha, weka biti ya zege ya 6 yenye alama ya tepu kwenye milimita 75, na ujaribu kwanza bila kugonga. Tofali nyingi za saruji zinatobolewa hivyo bila shida. Zikigoma, sasa unaweza kuwasha kugonga kwa mwendo mdogo, kwa kuwa biti haigusi marumaru tena.

Biti ikitumbukia ghafla baada ya lipu, ama tofali lako lina tundu ndani, ama umeangukia kwenye kiungo kibovu cha saruji. Fisha ya kawaida itazunguka pale bila kushika. Kwa uwazi mpana tafuta fisha ndefu inayojikunja fundo nyuma ya ukuta inapokazwa. Kwa kiungo kibovu, jaza tundu kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili, sukuma fisha ndani yake, na usiguse hadi kesho yake.

Toboa tundu moja la kila kifaa kwanza. Fisha ikishaingia, ning'iniza ukanda kwa skrubu iliyolegea, weka pima maji juu yake, ndipo uweke alama ya tundu la pili. Kipimo ulichochora kwenye karatasi kinaweza kukosea milimita mbili, na biti nayo ikahama moja. Ukiweka alama zote mwanzoni, makosa hayo yanajumlishana na ukanda unakaa upande.

Fisha, silikoni na kukaza

Puliza vumbi litoke kwa mrija wa soda au pampu ya baiskeli, macho yakiwa yamefunikwa. Ingiza fisha, na ikifika usawa wa uso wa marumaru weka skrubu ndani yake mizunguko miwili, kisha uigonge taratibu kwa nyundo ili kuisukuma hizo milimita 10 zaidi. Toa skrubu. Minya tone la silikoni mdomoni mwa tundu. Silikoni hiyo haipo kwa ajili ya kushika chochote, kazi yake ni kuzuia maji ya kuoshea ukuta yasiingie kwenye lipu na kutoa ukungu nyuma ya marumaru.

Kaza kwa bisibisi ya mkono. Drili haijui kusimama. Kitako kikigusa marumaru, ongeza robo mzunguko na uache. Kama vitako vyako ni vya chuma kitupu, weka nyuma yake kipande chembamba cha mpira, hata wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu marumaru hazikai usawa kamili na chuma kikikalia kona moja kinaibana pale pale. Ukisikia mlio mdogo wa “tik”, legeza mara moja na uangalie kwa tochi. Ufa ulioishia chini ya kitako unaweza kuzibwa kwa silikoni na ukaachwa. Uliofika ukingoni, hamisha kitako.

Reli inavutaje ukuta

Reli inasimama mbali na ukuta, na hapo uzito unageuka kuwa mvuto. Chukua kitako chenye skrubu mbili, moja juu ya nyingine, zilizoachana kwa sentimita 3, na bomba la reli liko sentimita 4 mbele ya ukuta. Upande huo wa reli ukibeba kilo 5, skrubu ya juu inavutwa nje kwa nguvu ya kilo 5 mara 4 gawa kwa 3, karibu kilo 6.7. Mtu akivuta kikaangio kwa haraka, nguvu hiyo inaongezeka maradufu. Fisha ya 6 iliyokaa milimita 31 kwenye tofali zima inastahimili hayo kwa nafasi kubwa. Iliyokaa kwenye lipu pekee italegea baada ya miezi, na dalili yake ya kwanza ni mstari mweusi wa kivuli juu ya kitako cha reli: kimeanza kuachana na ukuta kwa juu. Ukiuona, ondoa mzigo siku hiyo hiyo.

Vikaangio vya chuma cha kusubu, vyenye kilo mbili hadi tatu kila kimoja, vitundike karibu na vitako, na miiko, upawa na chujio vikae katikati. Reli inayozidi sentimita 60 kati ya kitako na kitako, kwa mzigo wa namna hii, ipewe kitako cha tatu, isipokuwa vizito vyote viko pembeni kama kule Rau.

Nyumba ya kupanga

Mwenye nyumba akikataa matundu, kuna tepu nene ya povu yenye gundi pande mbili na kulabu za kubandika. Zinafaa kwa kulabu za miiko na kwa ukanda mwepesi wa visu viwili vitatu. Sizipendekezi kwa reli, kwa sababu ya mvuto ule wa juu: tepu inastahimili kuteremshwa, haistahimili kubanduliwa kuanzia ukingo mmoja. Kulabu za kunyonya kwa mpira ziache, zinaanguka usiku.

Zinazobanduka nyingi hubanduka kwa sababu ya mafuta. Osha marumaru kwa sabuni na maji ya moto, suuza, kausha, kisha futa kwa spiriti na usubiri ikauke. Asubuhi ya baridi ya Arusha ya Juni au Julai marumaru huwa na unyevu usioonekana, kwa hiyo fanya kazi hiyo mchana. Bandika ukanda juu ya marumaru yenyewe bila kufunika grauti nyingi, kandamiza nusu dakika, na usitundike kitu kwa siku nzima, tatu ikiwezekana. Siku ya kuhama, pasha tepu kwa draya ya nywele na uikate kwa nyuma kwa uzi wa kuvulia samaki ukivuta kama msumeno.

Kutundika kisu

Kabla ya kununua ukanda, gusisha sumaku ya mlango wa friji kwenye visu vyako. Cha kauri hakishiki, na baadhi ya visu vya bei nafuu vya chuma kisichoshika kutu vinashika kwa ulegevu. Panga na kisu kizito cha kukatia mifupa visikae kwenye ukanda hata kama vinashika. Vinafaa kutundikwa kwenye kulabu iliyo mwisho wa reli, kama mpini una tundu.

Kisu kinatangulizwa mgongo. Gusisha mgongo kwenye ukanda, kisha ulaze ubao wake taratibu. Ukikitupa kilale kwa pigo moja, sumaku inakivuta na makali yanagonga chuma, na baada ya mwezi utakiona kinasugua nyanya badala ya kukata. Kutoa ni kinyume chake: zungusha mpini ili makali yaachane kwanza na mgongo ubaki umegusa, ndipo uvute. Kukivuta moja kwa moja kuelekea kwako kunaitikisa skrubu bila sababu, na kikiachia ghafla mkono wako unarudi nyuma ukiwa na kisu. Kikaushe kabla ya kukirudisha, kwa sababu maji yaliyonaswa kati ya chuma na chuma yanaacha alama ya kutu pande zote mbili.

Baada ya mwezi mmoja, ondoa kila kitu kwenye reli na ushike kila kitako kwa vidole. Kikicheza, kaza robo mzunguko kwa bisibisi. Kikicheza tena mwezi unaofuata, toa skrubu na upime tundu lile kwa msumari, kuna uwezekano mkubwa kwamba lipu pale ni nene kuliko ulivyohesabu na fisha haijafika kwenye tofali. Toboa ndani zaidi kupitia tundu lile lile, na uweke fisha na skrubu ndefu zaidi.